Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Muziki wa Kantri: Hadithi, Ala na Matawi Yake

Ukurasa huu ni wa msikilizaji anayezipenda nyimbo za kantri, au amezikuta redioni tangu utotoni, na sasa anataka kujua zinavyotengenezwa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe linahitaji nafasi.

Muziki wa kantri ulianzia wapi?

Ulianzia mashambani kusini mwa Marekani, hasa katika milima ya Appalachia na majimbo yanayoizunguka. Wakulima, wachimbaji wa makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda vya pamba waliimba barazani, kanisani na kwenye dansi za Jumamosi. Miaka ya 1920 kampuni za santuri zikagundua kwamba watu hawa wangenunua muziki wao wenyewe wakiuziwa.

Tukio linalotajwa zaidi ni la Bristol, mji uliokaa juu ya mpaka wa Tennessee na Virginia. Mwishoni mwa Julai 1927, Ralph Peer wa kampuni ya Victor alifunga mitambo yake kwenye jengo lililokuwa la kampuni ya kofia, akawaita wanamuziki wa eneo hilo. Agosti 1 walifika A.P. Carter, mkewe Sara na shemeji yao Maybelle, wakitoka kijijini Virginia. Siku tatu baadaye akaingia Jimmie Rodgers, kijana wa Mississippi aliyewahi kufanya kazi kwenye treni na tayari alikuwa na kifua kikuu. Kina Carter waliimba nyumba, mama, imani na kifo. Rodgers aliimba reli, jela, mapenzi ya kupita na safari isiyo na mwisho. Ukisikiliza kantri ya mwaka wowote uliofuata, utakuta mwimbaji amesimama upande wa mmojawapo, au anavutwa na wote wawili.

Kwa nini nyimbo hizi hupenda kusimulia kisa?

Kwa sababu zimetoka kwenye nyimbo zilizokuwa habari zenyewe. Wahamiaji kutoka Uskoti, Uingereza na kaskazini mwa Ireland walikwenda Appalachia na tenzi za kuimba zenye mauaji, meli zilizozama na wapenzi waliosalitiana. Mahali ambapo gazeti halifiki na wengi hawasomi, wimbo ndio uliobeba tukio kutoka bonde moja hadi jingine, na ili usisahaulike ulihitaji majina, mahali na mpangilio wa mambo.

Mfano mzuri ni ajali ya treni ya barua namba 97, iliyoanguka kwenye daraja karibu na Danville, Virginia, Septemba 1903. Watu wa huko walitunga wimbo juu yake, na Vernon Dalhart alipourekodi mwaka 1924 ukauzwa nakala nyingi kupita chochote ambacho muziki huu ulikuwa umeuza hadi wakati huo. Wimbo hauanzi na masikitiko. Unaanza na amri ya kazi: dereva anaambiwa amechelewa, ahakikishe anafika kwa wakati. Halafu unakuja mteremko, mwendo kasi, breki zinazoshindwa, na mwisho anakutwa ndani ya mabaki mkono ungali kwenye mtambo wa kuongozea, ameungua kwa mvuke. Anayesikiliza haambiwi ahuzunike. Amepewa mkono ulioshika mtambo, na hiyo inatosha.

Naona hapo ndipo roho ya utunzi huu ilipo. Kitu kimoja kinachoonekana kinapewa kazi ambayo maneno ya hisia yangeifanya vibaya.

Mtunzi anaujengaje wimbo wa namna hii? Nipeni mfano mmoja kamili.

Tuchukue "He Stopped Loving Her Today" wa George Jones, uliotoka 1980. Uliandikwa na Bobby Braddock na Curly Putman, na prodyuza alikuwa Billy Sherrill.

Anayesimulia ni rafiki wa mhusika, na uamuzi huo peke yake ni nusu ya wimbo, maana kisa kingesimuliwa na mhusika mwenyewe kisingewezekana. Katika mstari wa kwanza rafiki anatuambia kwamba bwana huyu alimwahidi mwanamke fulani kuwa atampenda mpaka afe, na mwanamke akamjibu kwamba muda utamsahaulisha. Miaka inapita. Picha ya mwanamke iko ukutani. Kando ya kitanda kuna barua za mwaka 1962, na kila palipoandikwa nakupenda amepigia mstari kwa wino mwekundu. Sioni namna bora ya kuonyesha mtu aliyeshindwa kusahau: hakuna sifa, hakuna kilio, kuna kalamu nyekundu tu.

Kisha rafiki anasema leo amekwenda kumwona na hakuona machozi. Amevaa vizuri, tayari kwa safari, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka anatabasamu. Msikilizaji anafurahi: jamaa amepona. Kibwagizo kinaingia na kusema leo ameacha kumpenda, na bado tunafurahi, mpaka linapotajwa shada la maua mlangoni na watu watakaombeba. Kibwagizo hakisemi kwamba amekufa. Kinakuacha urudi mwenyewe kwenye mstari wa kwanza, ile ahadi ya mpaka afe, na kwenye nguo nzuri na tabasamu, uone ulikuwa unatazama nini.

Baadaye kuna ubeti unaosemwa bila kuimbwa: mwanamke anakuja kumwona mara ya mwisho. Sherrill ndiye aliyewataka watunzi walete kipande cha kurudi kwake. Kisha kibwagizo kinarudi na maneno yaleyale, ila sasa hayana siri tena, na uzito wake umeongezeka. Jones mwenyewe aliuona wimbo huu wa huzuni kupita kiasi, akaamini hautanunuliwa. Ulifika nambari moja kwenye chati ya kantri.

Ukitaka kupima wimbo wowote wa kantri, sikiliza kibwagizo mara ya kwanza na mara ya mwisho. Kama maneno ni yaleyale lakini maana imesogea, mtunzi amefanya kazi. Kama maana imebaki palepale, kuna uwezekano mkubwa kwamba beti zilijaza nafasi tu. Dalili nyingine ya utunzi dhaifu ni orodha ya vitu, yaani gari la pikapu, barabara ya vumbi, bia baridi, ambavyo ungeweza kuvibadilishia nafasi bila kisa kuharibika. Barua za 1962 huwezi kuzihamisha.

Mbona kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ni tatu tu? Hawajui nyingine?

Wanazijua. Wapigaji wa studio za Nashville, mji wa Tennessee ulio kitovu cha kantri, ni miongoni mwa mafundi wakubwa duniani. Nyimbo nyingi zinakaa kwenye kodi tatu, kwa mfano G, C na D, ili sikio lisitolewe kwenye maneno. Kodi ya kwanza ni nyumbani, ya pili inaondoka kidogo, ya tatu inakutaka urudi. Msikilizaji anaujua mwendo huo bila kufundishwa, kwa hiyo akili yake yote inabaki kwa msimulizi. Kodi ngeni ikiwekwa, huwekwa pale ambapo kisa nacho kinageuka.

Wanawake nao wanasimulia visa hivihivi?

Wanasimulia, na mara nyingi wanajibu. Mwaka 1952 Hank Thompson alikuwa na wimbo uliovuma uliomlaumu mwanamke kwa kuacha ndoa akaenda kwenye taa za baa. Mwaka huohuo Kitty Wells akaimba jibu kwa lahani ileile: kwamba nyuma ya wanawake wengi wa namna hiyo kuna waume waliojifanya bado hawajaoa. Baadhi ya redio ziliukataa, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kushika nambari moja peke yake kwenye chati ya kantri ya jarida la Billboard. Loretta Lynn alikuja baadaye na visa vya maisha yake mwenyewe katika bonde la wachimba makaa huko Kentucky.

Ni ala zipi hasa zinazotumika?

Gitaa la mbao ndilo linalobeba wimbo, na upigaji wake una mwenyewe. Maybelle Carter alipiga sauti ya wimbo kwa dole gumba kwenye nyuzi nene, huku vidole vingine vikikwangua nyuzi nyembamba kutia mdundo. Gitaa moja likasikika kama mawili. Kabla ya hapo gitaa kwenye bendi za vijijini lilikuwa la kusindikiza tu. Baada ya hapo likawa na sauti yake. Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi aliyezunguka vijijini na A.P. Carter kukusanya nyimbo, alikuwa miongoni mwa waliomwongezea Maybelle ufundi.

Fidla ni fidla ileile ya okestra. Tofauti iko kwenye mkono: hutelezesha kutoka noti hadi noti, na mara nyingi upinde hugusa nyuzi mbili kwa pamoja. Banjo, mandolini, besi kubwa ya kusimama na kinanda cha mdomo vilifika mapema pia.

Ala ambayo watu huniuliza zaidi ni ile inayolia nyuma ya mwimbaji, nao hudhani ni kinanda au fidla. Ni gitaa la stili lenye pedali. Chimbuko lake ni Hawaii, ambako wapigaji waliliweka gitaa magotini na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole. Toleo la leo limesimama kwa miguu yake kama meza ndogo, na kwa kawaida lina nyuzi 10. Mkono mmoja unatelezesha chuma, mwingine unakwanyua, mguu mmoja unaongoza ukubwa wa sauti, mwingine unakanyaga pedali, na magoti yanasukuma vyuma vingine kushoto na kulia. Kila pedali inavuta uzi fulani upande juu wakati bado unalia, huku nyuzi za jirani zimetulia. Hicho ndicho kile kilio: noti moja ndani ya kodi inasogea na wenzake wanaisubiri. Bud Isaacs aliufanya mlio huo ujulikane kwenye wimbo wa Webb Pierce uliotoka 1954, na wapigaji wengi wakaanza kuzifanyia gitaa zao marekebisho ili waupate mlio ule.

Angalia inapoingia. Karibu kila mara ni mwisho wa mstari, mwimbaji anapovuta pumzi. Stili nzuri haizungumzi juu ya maneno.

Ni kweli banjo ilitoka Afrika?

Ndiyo. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi walikuwa wakijua ala za kibuyu kilichowambwa ngozi na mpini mrefu. Akonting ya Wajola wa Senegambia ni ndugu wa karibu ambaye bado anapigwa. Hata uzi mfupi wa banjo, ule unaopigwa kwa dole gumba na kubaki kwenye noti moja, una mwenzake kwenye akonting. Banjo ilitengenezwa na Waafrika katika visiwa vya Karibi na Marekani zaidi ya karne moja kabla ya Wazungu wengi kuichukua.

Kwa hiyo anayesema kantri ni muziki wa Wazungu peke yao amekata nusu ya nasaba. Mmoja wa nyota wa kwanza wa kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, kilichoanza Nashville mwaka 1925, alikuwa DeFord Bailey, Mweusi aliyepiga kinanda cha mdomo mpaka ukasikia treni ikipita. Bluzi ya Weusi imo ndani ya Jimmie Rodgers. Inaniuma kwamba kampuni za santuri ziligawa soko kwa rangi, muziki wa Wazungu orodha yake na wa Weusi orodha yake, na mgawanyo huo wa kibiashara ukaja kuchukuliwa kuwa historia.

Kwa nini matawi ni mengi, na nitayatofautishaje?

Njia yangu ni kuuliza jambo moja: wimbo ulikuwa ukipigwa mahali gani, na kelele ilikuwa kiasi gani? Karibu kila tawi lilizaliwa pale muziki ulipohamia chumba kipya na hadithi ikawa haisikiki au hailingani tena.

Chukua honkitonki. Marufuku ya pombe ilipoondolewa Marekani mwaka 1933, baa za wafanyakazi zilijaa Texas, hasa maeneo ya mafuta. Gitaa la mbao na sauti ya barazani havikuweza kushindana na chupa, miguu na mashine ya santuri. Wapigaji wakaingiza gitaa la umeme na mdundo mzito zaidi. Hadithi nazo zikahama: msikilizaji yuko baa, mbali na mkewe, kwa hiyo wimbo ukawa juu ya ulevi, usaliti na majuto ya asubuhi. Ernest Tubb alikuwa wa mbele, na Hank Williams akaufikisha kileleni kabla hajafa Januari 1, 1953, akiwa na miaka 29.

Wakati huohuo, Bill Monroe wa Kentucky alikwenda njia nyingine. Alikataa umeme, akatafuta nguvu kwenye kasi na ufundi. Mwishoni mwa 1945 alimchukua Earl Scruggs wa North Carolina, aliyepiga banjo kwa vidole vitatu, gumba, cha shahada na cha kati, kwa mfululizo usiokatika. Hapo blugrasi ikakamilika: mandolini, banjo, fidla, gitaa, besi, bila dramu. Mandolini inakata kwa ukali kwenye pigo la pili na la nne, na hiyo ndiyo dramu yao. Kila ala inapewa zamu kusogea mbele na kuonyesha uwezo, halafu inarudi nyuma. Wengi huichanganya na muziki wa zamani wa vijijini kwa sababu ala zinafanana. Tofauti ni hiyo zamu: katika muziki wa zamani wote hupiga wimbo kwa pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa ajili ya kucheza.

Mwaka 1956 roki ilipowachukua vijana, Nashville iliogopa. Maprodyuza Chet Atkins na Owen Bradley wakajibu kwa kumlenga mtu mzima aliyekaa sebuleni kwake mjini. Fidla na stili zikapunguzwa, zikaletwa kwaya laini, piano na baadaye ala za nyuzi za okestra. Jim Reeves, ambaye sauti yake haihitaji kutambulishwa kwa msikilizaji wa Kenya, alisogea karibu kabisa na maikrofoni na kuimba kwa upole kama anayeongea na mtu mmoja. Alipata nafasi hiyo kwa sababu hakukuwa na kelele ya kushindana nayo. Patsy Cline ndiye kilele cha mtindo huu, unaoitwa sauti ya Nashville. Wapo wanaouona umepotosha kantri. Mimi siwezi kukubaliana nao kila nikimsikia Patsy.

Upinzani ulitoka California. Familia nyingi zilizokimbia ukame na umaskini wa Oklahoma miaka ya 1930 zilihamia mashamba na visima vya mafuta karibu na Bakersfield. Watoto wao walicheza dansi kwenye kumbi zenye sauti kubwa, na Buck Owens akawapa gitaa la umeme la Telecaster linalochoma sikio, dramu na maneno yasiyopambwa. Merle Haggard alikulia Oildale, jirani ya hapo, katika behewa la treni lililogeuzwa nyumba. Alipoimba juu ya jela alikuwa ameshafungwa San Quentin.

Miaka ya 1970 Willie Nelson na Waylon Jennings walidai haki ya kuchagua nyimbo na wapigaji wao wenyewe, wakapewa jina la waasi. Uasi wao ulikuwa kwanza wa mkataba na studio, na nywele ndefu zilifuata. Albamu ya pamoja iliyokusanya nyimbo zao mwaka 1976 ilikuwa ya kwanza ya kantri kutunukiwa platinamu, tuzo ya kuuza nakala milioni moja.

Je, ni kweli Wakipsigis waliwahi kumwimba Jimmie Rodgers?

Ni kweli, na rekodi zipo. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alikuwa Kapkatet, upande wa Kericho nchini Kenya, akarekodi nyimbo tatu zenye jina Chemirocha. Santuri za Rodgers zilikuwa zimefika huko na gramafoni, na jina lake likachukua umbo la Kikipsigis. Yule mwimbaji asiyeonekana akageuka kiumbe nusu mtu, nusu swala. Rekodi inayopendwa zaidi ni ya wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, wanamwimbia kwa kinubi cha kienyeji kumtaka acheze mpaka nguo zimdondoke. Rodgers alikuwa amekufa tangu 1933. Miaka ya 2010 Ketebul Music ya Nairobi, pamoja na maktaba ya muziki wa Kiafrika iliyoanzishwa na Tracey, walizirudisha rekodi hizo kwa jamii zilizorekodiwa.

Kantri ya redioni siku hizi ni kantri kweli?

Sehemu kubwa ina dramu na gitaa za roki, wakati mwingine midundo ya hip hop, na stili iko mbali nyuma. Hilo peke yake halinisumbui, kwa sababu Bob Wills alikuwa na dramu na tarumbeta kwenye bendi yake ya swingi huko Texas na Oklahoma tangu miaka ya 1930. Ninachokitafuta ni kisa. Ukiondoa mlio wote ukabaki na mtu anayesimulia jambo lililompata mtu, imo. Ukibaki na orodha ya vitu vya shambani, haimo, hata kama banjo inalia.

Nianzie wapi kusikiliza?

Anza na rekodi za Bristol za kina Carter, usikilize gitaa la Maybelle tu. Kisha Hank Williams mmoja, Patsy Cline mmoja, na bendi ya Bill Monroe ya 1946 na 1947 akiwa na Scruggs. Baada ya hapo rudi kwa George Jones na barua zake. Sikiliza kila wimbo mara mbili: mara ya kwanza fuata maneno, mara ya pili fuata ala moja uliyoichagua na uangalie inanyamaza lini.